Wote wanaandika "nakubaliana": kutafuta hitilafu katika swali la mjadala wa kozi ya mtandaoni

Naendesha mijadala ya kozi ya mtandaoni ya usimamizi wa uvuvi, nikiwa Langoni, Lamu. Washiriki wangu ni wenyeviti na makatibu wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, pamoja na wenye malema, mama karanga, yaani akina mama wanaokaanga samaki na kuwauza, na vijana wapiga mbizi wa kamba. Wengine wako Kipungani na Kizingitini, wengine Malindi na Ngomeni. Lalamiko ninalolisikia kutoka kwa wawezeshaji wenzangu ni lile lile kila muhula: jibu la kwanza linaingia, na waliobaki wanalipigia makofi. Nimepanga hapa chini hitilafu tunazokutana nazo kwa dalili zake, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana. Kagua lililo rahisi kwanza, usikimbilie kubadilisha mfumo mzima.

Dalili ya 1: Jibu la kwanza ni refu na zuri, mengine yote yanaanza na "nakubaliana na mwenzangu"

*Sababu inayotokea sana: swali lina jibu moja tu.*

Hii ndiyo ya kukagua kabla ya nyingine yoyote, kwa kuwa kila mara mwezeshaji huwalaumu washiriki kwa uvivu ilhali kosa ni la swali. Chukua swali nililolitoa mwenyewe katika wiki ya malema:

> Jadili umuhimu wa malema yenye mwanya kwa uvuvi endelevu.

Kwa asiyeyajua, lema ni ule mtego wa kusuka, na mwanya ni upenyo mwembamba unaoachwa pembeni ili samaki mdogo atoke na mkubwa abaki. Umuhimu wake unafahamika. Mwenyekiti mmoja wa BMU alijibu saa tisa alasiri: samaki wadogo wanaokoka, wanakua, wanazaa, na baadaye mvuvi anapata samaki wa bei. Alimaliza kila kitu. Walikuwa washiriki 18, na ilipofika usiku, 11 kati yao walikuwa wameandika kwamba wanakubaliana naye. Wangeandika nini kingine? Neno "umuhimu" lilikuwa limekwisha kuamua kwamba mwanya ni mzuri, na "jadili" halikumwomba mtu chochote ambacho yeye peke yake anacho.

Jaribio lake huchukua dakika kumi. Kabla ya kulitoa swali, watumie watu watatu wanaofanya kazi tofauti, na umwombe kila mmoja akujibu kwa sentensi mbili bila kuwasiliana na wenzake. Mimi humpelekea mvuvi mmoja, mama karanga mmoja na kijana mmoja wa BMU. Majibu matatu yakifanana, hilo ni swali la mtihani, lipeleke kwenye mtihani. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, hufanya jambo linalokaribiana na hilo darasani. Kila mwanafunzi huchagua jibu lake peke yake, na ndipo wanapoambiwa wajadiliane na jirani ikiwa waliopata ni kati ya asilimia 30 na 70 hivi. Wakiwa karibu wote wamepata, anaendelea na somo. Wakiwa karibu wote wamekosa, anafundisha tena. Mjadala hupewa nafasi pale tu panapokuwa na watu pande zote mbili.

*Marekebisho.* Usiongeze "toa sababu" wala "fafanua kwa mifano" mwishoni mwa swali lile lile. Nilijaribu, na nilichopata ni kukubaliana kurefu zaidi. Kinachobadilisha majibu ni kuweka uamuzi ambao lazima umuumize mtu. Swali la malema tuliliandika upya hivi:

> Mzee mmoja wa Kipungani ana malema 10. Ameyatia mwanya yote. Samaki wakubwa anawapata kama zamani, lakini tafi wadogo aliokuwa akimuuzia mama karanga jirani yake hawaingii tena kapuni. Mama karanga hana mzigo wa kila siku, na kusi imebakisha miezi mitatu. BMU inakutana Jumamosi na lazima iamue moja kati ya haya: (a) malema yote ya kijiji yawe na mwanya kuanzia sasa, (b) nusu ya malema ya kila mvuvi hadi kusi iishe, (c) kila mwenye malema ajiamulie.
>
> Chagua moja. Taja ni nani atakayepata hasara kwa uamuzi wako, na uandike maneno utakayomwambia ukikutana naye njiani Jumapili.

Angalia kilichobadilika. Mwanya bado ni mzuri, hakuna aliyeulizwa hilo. Kinachoulizwa ni nani abebe mzigo wakati bahari imechafuka na samaki ni wachache, na hapo mwenyekiti, mwenye malema na mama karanga hawasimami mahali pamoja. Lile sharti la kumwambia mtu ana kwa ana limefanya kazi kuliko yote. Mshiriki aliyechagua (a) kwa haraka hushtuka anapotakiwa kuandika maneno ya kumwambia jirani yake kwamba kuanzia kesho hana cha kukaanga.

Jibu moja nimelihifadhi. Mama karanga mmoja aliandika kwamba watu wanazungumza kana kwamba yeye hununua samaki kwa pesa taslimu. Mzigo wake huuchukua kwa tajiri kwa mkopo, anakaanga, anauza, jioni analipa. Akikosa mzigo siku tatu, deni la nyuma halimngojei. Kwa hiyo kwake (b) si nusu ya hasara, kwa sababu nusu ya mzigo haitoshi kulipa mafuta na kuni. Hakuna kati yetu, nami nikiwemo, aliyekuwa ameliwaza hilo. Majibu yaliyofuata yalikuwa yanamjibu yeye, si swali.

*Sababu ya pili: kila mtu anaona jibu la kwanza kabla hajaandika lake.*

Swali linaweza kuwa zuri na bado likaangushwa na mpangilio. Mwaka 1951 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaketisha watu pamoja na kuwauliza swali rahisi mno: mstari upi kati ya hii mitatu unalingana na huu? Wote chumbani isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu la makosa kwa sauti. Yule mmoja aliyekuwa akijaribiwa alifuata makosa yao katika takriban thuluthi ya majaribio hayo, ingawa macho yake yalikuwa yakiona vizuri. Watu walipoandika majibu yao faraghani badala ya kuyasema, kufuata huko kulipungua sana. Kama hali ni hiyo kwa urefu wa mstari, fikiria kwa jambo lenye utata kweli.

*Kagua kwanza:* fungua mjadala kama mshiriki, si kama mwalimu. Katika Moodle, mfumo tunaoendeshea kozi, bonyeza jina lako juu kulia, kisha `Switch role to...` na uchague `Student`. Ukiona majibu ya wengine kabla hujaandika lako, umeipata hitilafu.

*Marekebisho katika Moodle:* nenda kwenye mipangilio ya mjadala, na kwenye `Forum type` chagua `Q and A forum`. Kisha wewe mwenyewe weka swali kama mada, na washiriki wajibu chini yake. Kwa aina hii mshiriki haoni majibu ya wenzake mpaka aandike la kwake.

Hapa wengi hupata malalamiko mapya: "Mwalimu, nimeandika na bado sioni kitu." Mfumo haujaharibika. Moodle husubiri muda wa kuhariri uishe ndipo imfungulie mshiriki, na muda huo kwa kawaida ni dakika 30. Waambie mapema, tena ndani ya swali lenyewe: andika jibu lako, kaswali au kunywa chai, urudi baada ya nusu saa. Muda huo una faida yake. Mtu akiweka nukta tu ili afunguliwe majibu, muda ukiisha nukta yake inabaki pale pale bila kuweza kuibadilisha.

*Marekebisho kwa kundi la WhatsApp:* pale hakuna namna ya kuyaficha majibu, kwa hiyo fanya kwa mkono. Toa swali asubuhi, kila mtu akutumie jibu lake kwa namba yako hadi saa mbili usiku, halafu uyamwage yote kundini kwa mkupuo, yakiwa na majina yao. Kura ya WhatsApp nisingeitumia kwa hatua hii, maana watu wanaona upande unaoongoza wakiwa bado hawajapiga.

Simama hapa: ukitaka kubadilisha zile dakika 30, huwezi ukiwa mwalimu wa kozi. Ni mpangilio wa mfumo mzima na huathiri kozi nyingine zote. Mwandikie msimamizi wa mfumo, usiazime nywila yake.

*Sababu ya tatu, adimu kidogo lakini kwetu ni nzito: aliyejibu kwanza ni mtu wa heshima.*

Kijana wa Kizingitini hataandika "mwenyekiti amekosea" mbele ya watu 18, na mimi sitaki aandike hivyo. Adabu hiyo si hitilafu ya kurekebishwa. Ila inafanya mjadala ufungwe pale mzee anapotia mguu, basi tunamtafutia kijana mlango mwingine. Ninafanya mambo mawili. La kwanza, mwenyekiti nampigia simu kabla ya wiki kuanza na kumwomba aje mwishoni, siku ya nne, ajibu yale aliyoyasoma. Hakuna aliyewahi kukataa, kwa sababu kufunga mazungumzo ni nafasi ya mkubwa tangu zamani. La pili, swali haliulizi kama unakubali, linauliza kwenu ikoje. Kijana anaweza kuandika, "Aliyosema mwenyekiti ndivyo yalivyo Matondoni. Kwetu Kizingitini malema ni machache, watu wanazamia kamba, kwa hiyo uamuzi huo ungewagusa watu wengine kabisa." Amepinga, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Dalili ya 2: Majibu ni tofauti, lakini kila mtu anaongea peke yake

Hii hutokea mara nyingi baada ya kuponya dalili ya kwanza. Una majibu 18 mazuri, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Sababu kubwa ni kwamba swali lilikwisha. Mshiriki alichagua, akatoa hoja, akaondoka. Wawezeshaji wengi hutibu hili kwa kuamrisha "wajibu wenzako wawili", na dawa hiyo inarudisha ugonjwa wa kwanza: mtu anatafuta wawili wa karibu na kuwaandikia "hoja nzuri sana". Ukitaka kujua kama ndiyo hali yako, yasome majibu ya pili bila kutazama yanamjibu nani. Kama jibu linaweza kubandikwa chini ya mtu yeyote na likaenda sawa, halijamjibu yeyote.

Marekebisho ni kutoa kazi ya pili siku ya tatu, ambayo haifanyiki bila maneno ya mwingine. Kwa swali la malema tulitoa hii:

> Tafuta mtu aliyechagua tofauti na wewe. Nukuu sentensi yake moja. Kisha andika sharti moja ambalo likitimizwa, wewe ungehamia upande wake.

Sharti ndilo kiini. Ukimwambia mtu ampinge mwenzake, atampinga kwa nguvu au atanyamaza. Ukimwomba ataje sharti, analazimika kusoma hoja ya mwenzake kwa makini hadi aone inasimamia wapi. Mwenye malema mmoja wa Ngomeni aliyekuwa ameshikilia (c), kila mtu ajiamulie, alimnukuu yule mama karanga, akaandika kwamba angehamia (b) kama BMU ingemdhamini mama huyo kwa tajiri hadi kusi iishe. Katibu wa BMU akamuuliza dhamana hiyo itoke mfuko gani. Mpiga mbizi akasema kwao ada ya kutua samaki hukusanywa lakini haina kazi hiyo. Mama karanga mwenyewe akarudi kusema hataki dhamana, anataka tajiri amwongezee siku. Hayo ni majibu manne yaliyoshikana, na neno "nakubaliana" halimo.

Kagua pia ukubwa wa kundi. Watu 18 katika mjadala mmoja ni wengi kwa kazi ya kunukuu, majibu yanazama. Wagawe watu sita sita, ukihakikisha kila kundi lina angalau mmoja kwa kila kazi. Ukiwagawa kwa vijiji, wa Pate peke yao na wa Malindi peke yao, utakuwa umezikusanya fikra zinazofanana na dalili ya kwanza itarudi.

Dalili ya 3: Kimya

Usidhani swali ni baya kabla ya kukagua mambo madogo. Wiki hii ni ya bamvua? Wavuvi hawako kwenye simu. Swali limetolewa Alhamisi jioni na mwisho wake ni Ijumaa? Wape siku tano. Swali linafunguka kwenye simu ya kawaida bila kupakua faili? Faili la kurasa nne linakula bando, na watu huliacha.

Kama yote ni sawa, basi huenda swali linamtaka mtu asiyeko. Kuuliza "serikali ifanye nini kuhusu uvuvi" humfanya mama karanga ajione si mhusika. Lishushe mpaka kwenye uamuzi ambao mshiriki anaweza kuufanya au unaomwangukia wiki hii.

Dalili ya 4: Majibu ni mengi mno, na yamekuwa makali

Hapa lazima nionye mapema, kwa kuwa mwezeshaji aliyefurahia kupata mabishano anaweza kuchelewa kuona hatari.

Sababu ya kawaida ni kwamba kisa kinafanana mno na mtu halisi. Mwezeshaji mmoja rafiki yangu aliandika juu ya "mwenye mashua mkubwa wa kijiji fulani", na kijiji hicho kina mmoja tu. Majibu yakawa ni juu ya mtu huyo. Kagua kila kisa: je, msomaji wa hapo kijijini anaweza kumtaja jina? Kama anaweza, hamisha kijiji, badilisha idadi, badilisha chombo.

Sababu ya pili ni kuuliza jambo ambalo sheria imekwisha kulijibu. Juya, nyavu za kukokota, zilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Ukiuliza "je, juya liruhusiwe msimu wa kusi?", hujafungua uamuzi, BMU haina uwezo huo. Unachopata ni upande mmoja unaolaumu na mwingine unaojitetea. Linaloweza kujadiliwa ni lililo ndani ya uwezo wao: mvuvi aliyeacha juya asaidiwe kupata zana gani, na nani asubiri ili yeye apate kwanza.

Moto ukiwa umeshawaka, usijibu hoja. Funga mada kwa `Lock this discussion`, eleza kwa sentensi moja kwamba mazungumzo yataendelea kesho, kisha wapigie wale wawili waliovutana, mmoja mmoja, kwa sauti. Nimegundua kwamba matusi mengi ya maandishi huisha ndani ya dakika tano za simu, kwa sababu sauti hubeba salamu na maandishi hayabebi.

Simama na umwite mwingine katika hali hizi tatu:

Mshiriki akiandika kwamba yeye au mtu aliyemtaja anatumia zana iliyopigwa marufuku. Usimhoji zaidi mbele ya wenzake. Linakili jibu hilo, liondoe mjadalani, mweleze kwa faragha kwa nini umeliondoa, na umpelekee mratibu wa kozi. Yeye ndiye wa kuamua kama aongee na afisa wa uvuvi wa kaunti.

Mabishano yakihamia kwenye ardhi, ukoo au siasa ya uchaguzi. Hapa Lamu na Malindi mambo hayo yana historia kubwa kuliko kozi yako. Funga, na uwaachie wazee wa pande zote pamoja na mratibu.

Mshiriki akiandika maneno ya kukata tamaa ya maisha, iwe ni kwa deni au kwa kazi. Hilo si jibu la mjadala tena. Mpigie simu saa hiyo hiyo, usimwache peke yake, na mtafute mtu wa karibu naye na mhudumu wa afya. Swali la wiki lingoje.